Kuandaa somo la sayansi kwa hatua tano: mfano wa maji yanayochemka Nairobi

Maji yakichemshwa katika maabara ya shule jijini Nairobi, kipimajoto husimama kwenye nyuzi 94 au 95 za Selsiasi na hakipandi tena, ilhali kitabu cha kiada kimeandika 100. Walimu wengi huipita tofauti hiyo haraka, ama kwa kusema kwamba vifaa vya shule si vizuri, ama kwa kuwaambia wanafunzi waandike 100 kwa sababu ndiyo itakayotakiwa kwenye mtihani. Mwongozo huu unaitumia tofauti hiyohiyo kuonyesha jinsi andalio la somo linavyoweza kujengwa juu ya mzunguko wa hatua tano: kuamsha, kuchunguza, kueleza, kupanua na kutathmini.

Mzunguko huu uliundwa katika miaka ya 1980 na wataalamu wa shirika la BSCS la Marekani, wakiongozwa na Rodger Bybee. Waliuegemeza kwenye mzunguko wa hatua tatu ambao Robert Karplus na Myron Atkin walikuwa wameueleza mwaka wa 1962, kisha wakatanguliza hatua ya kuamsha na kumalizia na hatua ya kutathmini. Kiini cha mpango wote ni kwamba mwalimu haelezi dhana mpaka wanafunzi wawe na jambo walilolishuhudia wenyewe, ambalo linahitaji kuelezwa. Andalio likivunja utaratibu huo, majina ya hatua tano yatabaki kuwa vichwa vya habari tu juu ya somo lilelile la zamani.

Muda kwanza

Kipindi kimoja cha sekondari msingi ni dakika 40, na hatua zote tano hazitoshei humo, hasa pale ambapo maji yanapaswa kupata moto. Kwa asili mzunguko huu ulikusudiwa mfululizo wa vipindi, na waliouunda walipendekeza uenee katika wiki mbili au tatu za mada moja. Kwa hiyo mwalimu asijilaumu akishindwa kuumaliza kabla ya kengele. Mfano wetu unahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80, pamoja na sehemu ndogo ya kipindi cha siku inayofuata. Ikiwa ratiba yako haina vipindi pacha, somo likatwe mwishoni mwa kuchunguza, data zikiwa zimekwisha kuandikwa. Usilikate katikati ya kueleza, kwa kuwa wanafunzi watarudi kesho wakiwa wameshasoma jibu kitabuni bila kuelewa lilijibu swali gani.

Fomu ya andalio inayotumiwa shuleni ina nafasi ya utangulizi, hatua za ukuzaji wa somo, shughuli za ziada na hitimisho, na hakuna haja ya kuibadilisha. Kuamsha huandikwa kwenye utangulizi. Kuchunguza na kueleza huwa hatua za ukuzaji. Kupanua huingia mwishoni mwa ukuzaji au kwenye shughuli za ziada. Kutathmini hukaa kwenye hitimisho. Mwalimu aliyepitia mafunzo ya CEMASTEA, kituo cha kuwaendeleza walimu wa sayansi na hisabati kilichoko Karen, Nairobi, atatambua mengi humu, kwa sababu mbinu ya ASEI nayo humweka mwanafunzi na jaribio mbele ya maelezo.

Andika ukianzia mwisho

Somo hufundishwa kuanzia kuamsha, lakini andalio huandikwa vyema likianzia kwenye tathmini. Anza na swali moja ambalo mwanafunzi aliyeelewa ataweza kulijibu na aliyekariri hataweza. Kwa somo letu swali ni hili: "Mpanda mlima anachemsha maji Point Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Je, maji yake yatachemka kwa nyuzi nyingi zaidi, chache zaidi au sawa na za Nairobi? Eleza sababu, na useme kama maharagwe yataiva haraka huko." Jibu sahihi ni karibu nyuzi 84, lakini tarakimu hiyo si lazima, kinachotafutwa ni sababu.

Kutoka kwenye swali hilo, andika kwa sentensi mbili au tatu maelezo unayotaka wanafunzi wayafikie: maji huchemka pale mvuke unaojitengeneza ndani yake unapopata nguvu ya kusukuma sawa na ile ya hewa iliyo juu yake. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 84, wakati ile ya Mombasa ni karibu 101. Mvuke hapa una upinzani mdogo zaidi, kwa hiyo maji hufikia mchemko kabla ya nyuzi 100.

Sasa jiulize: ni ushahidi gani ambao mwanafunzi anapaswa kuwa nao mezani ili maelezo hayo yasiwe porojo? Anahitaji vitu viwili: vipimo vyake mwenyewe vinavyosimama chini ya 100, na tukio linaloonyesha kwamba kupunguza kanieneo kunachemsha maji. Hicho ndicho kitakachoamua shughuli ya kuchunguza. Jambo la mwisho kabisa kuandikwa ni kuamsha, kwa sababu huwezi kujua uamshe hamu ya nini kabla hujajua somo linaelekea wapi.

Kuamsha: dakika 8

Mpe kila mwanafunzi kipande cha karatasi na umtake achore, bila kuzungumza na mwenzake, grafu ya jinsi anavyofikiri halijoto ya maji itakavyobadilika tangu sufuria iwekwe motoni hadi dakika tano baada ya kuanza kuchemka, na aandike nyuzi atakazosoma maji yakichemka. Baada ya hapo uliza swali moja tu la sauti: "Maji yakiwa yanachemka, ukiongeza moto, halijoto itafanya nini?" Wapige kura kwa mikono, uandike hesabu ubaoni, usiseme nani amepatia.

Utaona karibu darasa zima limeandika 100, na wengi watachora mstari unaoendelea kupanda. Karatasi hizo zihifadhiwe, kwa maana ndizo zitakazofanya vipimo viwashangaze. Hatua hii huharibika kwa njia moja kubwa: mwalimu anaulizwa "jibu ni lipi?" naye anajibu. Ukishasema kwamba Nairobi maji huchemka kwa nyuzi 95, jaribio linalofuata limekuwa zoezi la kuthibitisha neno lako, na kundi litakalopata 97 litaandika 95 ili likubaliane nawe.

Kuchunguza: dakika 30

Kila kundi la wanafunzi watano au sita lipewe bika yenye mililita 100 za maji ya mfereji, taa ya spiriti au kichomeo cha gesi, stendi yenye kibanio, kipimajoto cha kileo cha maabara kinachofika nyuzi 110, na saa. Mililita 100 zinatosha. Ukijaza bika, taa ya spiriti itakula muda wote wa kipindi. Jaribu mwenyewe siku iliyotangulia kwa moto uleule utakaotumika, ili ujue maji yatachukua dakika ngapi. Kipimajoto kishikwe na kibanio, tungi lake likiwa limezama majini bila kugusa kitako cha bika, na kisitumiwe kukorogea. Tupa vipande viwili vitatu vya kigae kisichong'arishwa ndani ya maji kabla ya kuwasha moto, ili yasichemke kwa kuruka.

Gawa kazi kwa majina: mmoja asome kipimajoto, mmoja atazame saa, mmoja aandike, na mmoja asishike chochote bali aeleze anachokiona majini. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika kwenye maandalio mengi, na ndiye mwenye habari muhimu zaidi. Ataona viputo vidogo vikishika kwenye ukuta wa bika mapema, maji yakiwa bado vuguvugu. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Baadaye ataona viputo vikubwa vikitoka chini na kufika juu bila kukatika, na hapo ndipo maji yanachemka. Kundi lisilotofautisha viputo hivi viwili litaripoti kwamba maji yalichemka kwa nyuzi 60 au 70.

Usomaji uwe wa kila dakika, uendelee kwa dakika nne baada ya mchemko kamili, kisha kundi liongeze moto kidogo ikiwezekana na lisome tena. Jedwali la kundi lililofanya kazi vizuri huwa na sura ya namna hii: dakika ya mwanzo nyuzi 22, ya nne 60, ya nane 91, ya tisa 94.5, ya kumi 94.5, ya kumi na tatu, moto ukiwa umeongezwa, bado 94.5.

Wakati huu kazi ya mwalimu ni kuzunguka na kuuliza, naye ajizuie kufundisha. Andika maswali yako kwenye andalio kabla ya somo, kwa sababu ukiwa katikati ya makundi tisa yenye moto hutayabuni papo hapo. Hasa jiandae kwa sentensi ambayo hutokea kila mara:

"Mwalimu, kipimajoto chetu kimeharibika. Kimekwama."

"Mtajuaje kama kimeharibika?"

Hapo ndipo unapowapa kikombe cha barafu inayoyeyuka, iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo. Kiwango cha barafu kuyeyuka hakiathiriwi na mwinuko wa Nairobi kwa kadiri inayoweza kuonekana kwenye kipimajoto cha shule. Kikisoma 0 au karibu nayo, wanafunzi wamepata sababu nzuri ya kukiamini. Vipimajoto vya bei nafuu hukosea nyuzi moja au mbili. Chenye kusoma 2 kwenye barafu kiwekewe alama, na wanafunzi wakumbuke hilo wanapolinganisha majibu.

Yapo matokeo mawili yanayoonyesha kwamba jambo limekwenda kombo. Kundi likisoma 97 au 98, angalia tungi la kipimajoto, maana yawezekana limegusa kitako cha bika ambacho ni cha moto kuliko maji. Kundi likiandika 100 kamili huku majirani wote wakiwa na 94 na 95, usiwakemee, bali waombe wakuonyeshe ulipo uzi wa kipimajoto sasa hivi. Kwa kawaida wameandika kilichomo kitabuni.

Waache wazungumze kwa lugha inayowatoka, iwe Kiswahili, Kiingereza au Sheng. Istilahi zitaingia katika hatua inayofuata, zikiwa na kitu cha kuzibeba.

Kueleza: dakika 25

Hatua hii ina sehemu mbili, na mpangilio wake haugeuzwi: wanafunzi hueleza kwanza, mwalimu hufuata. Kila kundi liandike ubaoni nyuzi zake za mchemko katika safu moja, ili darasa lione kwamba tofauti na 100 si ya kundi moja. Rudisha karatasi za mwanzo na uulize: "Kwa nini tulichokiona hakifanani na tulichokitabiri?" Andika kila sababu ubaoni jinsi ilivyosemwa.

Sababu zitakazotajwa zinajulikana, na andalio zuri lina ushahidi uliotayarishwa kwa kila moja. Wanaosema kipimajoto ni kibovu watajibiwa na wenzao waliotumia barafu. Wanaosema moto ulikuwa mdogo watajibiwa na kundi lililoongeza moto bila halijoto kupanda; na hapo, bila mwalimu kuhubiri, mstari uliolala wa grafu umeeleweka, kwamba joto linaloingia sasa linageuza maji kuwa mvuke badala ya kuyapandisha nyuzi. Wanaolaumu dawa na chumvi za maji ya mfereji waambiwe ukweli ambao hawawezi kuupima katika kipindi hiki: chumvi iliyoyeyuka hupandisha kiwango cha kuchemka, haikishushi, kwa hiyo ingewapeleka upande mwingine.

Sababu ngumu ni ya nne: "Nairobi kuna baridi kuliko Mombasa." Ina mantiki, inaendana na data zote zilizoko ubaoni, na wanafunzi hodari ndio huishikilia. Mwalimu akiikataa kwa mamlaka yake tu, itanyamaza darasani na kurudi kwenye mtihani. Inahitaji jaribio, nalo ni rahisi.

Chukua sirinji mpya ya mililita 20 isiyo na sindano. Vuta ndani yake mililita 5 za maji yaliyopoa kutoka mchemko hadi nyuzi 70 hivi. Kipimajoto kiwe kwenye kikombe ili wote waone kwamba maji hayo hayachemki. Inua sirinji, toa hewa yote, ziba mdomo wake kwa kifuniko chake au kwa kidole chenye glavu, kisha vuta pistoni kwa nguvu hadi karibu na mwisho. Maji yatachemka mbele ya macho yao. Achia pistoni, yatatulia. Vuta tena, yatachemka tena, mpaka yapoe mno. Fanya jaribio hili wewe mwenyewe mbele ya makundi, ukiwa na miwani ya kinga, kwa sababu maji ya nyuzi 70 yanaunguza na pistoni ikichomoka hutapakaa. Likishindikana, maji yamepoa au kulibaki hewa nyingi ndani ya sirinji.

Uliza: "Nimeyapasha moto? Nimeyapoza? Nimebadilisha nini?" Wanafunzi watasema umeyapa nafasi, umevuta, umepunguza msukumo. Sasa, na si kabla ya hapo, mwalimu huandika neno kanieneo ubaoni, hueleza kwa mchoro jinsi hewa inavyolikandamiza tabaka la juu la maji na jinsi mvuke ulio ndani ya kiputo unavyosukuma kutoka ndani, na hutoa zile kilopaskali 84 za Nairobi na 101 za pwani. Dakika saba au nane zinatosha. Maelezo haya ni mafupi kwa sababu yanajibu swali ambalo darasa limeshalibeba kwa saa nzima, na kwa maoni yangu urefu wake ndio kipimo bora cha iwapo kuchunguza kulifanyika ipasavyo: mwalimu anayejikuta akieleza kwa dakika ishirini na tano huenda hakuwapa wanafunzi ushahidi wa kutosha.

Kupanua: dakika 17

Kosa la kawaida hapa ni kutoa maswali zaidi ya aina ileile, kama kuchora grafu ya pili. Kupanua ni kuipeleka dhana mahali papya ambapo data hazikukusanywa. Chagua jambo moja. Lililo karibu zaidi na nyumbani ni githeri: kwa nini maharagwe na mahindi makavu huchukua muda mrefu kuiva Nairobi kuliko Mombasa, hata moto ukiwa mkali sawasawa, na kwa nini sufuria ya presha hupunguza muda huo?

Wape makundi swali hilo na dakika nane, wakitakiwa kutumia maneno kanieneo, mvuke na kiwango cha kuchemka katika jibu lao. Wanachopaswa kukifikia ni kwamba chakula kilicho majini hakiwezi kupata halijoto inayozidi ile ya maji yanayochemka, kwamba maji ya Nairobi hukomea nyuzi 95, na kwamba kifuniko cha presha huuzuia mvuke mpaka kanieneo ndani ipande na maji yavuke nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Sikiliza makundi yanayosema kwamba sufuria ya presha "hufungia joto". Si uongo wote, lakini halijaeleza kwa nini maji ya ndani yana nyuzi zaidi ya 100. Waulize valvu ikifunguliwa ghafla kutatokea nini majini, na uwakumbushe sirinji.

Muda ukiwa mfupi, hii ndiyo hatua inayoweza kuhamia kwenye kazi ya nyumbani bila kuliharibu somo.

Kutathmini

Tathmini imekuwa ikiendelea tangu karatasi za kwanza, na mwalimu anayezunguka na daftari ameshajua mengi. Lakini kila mwanafunzi aandike peke yake jibu la swali la Point Lenana, katika dakika kumi za mwanzo wa kipindi kinachofuata. Kulipeleka hadi siku ya pili kuna faida, kwa kuwa kunatenga kilichoeleweka na kilichokuwa bado kinasikika masikioni.

Viwango vinne vya mtaala vifafanuliwe kwa swali hili hili. Aliyezidisha matarajio amesema nyuzi zitakuwa chache zaidi, ameeleza kwa kanieneo na mvuke, na amehitimisha kwamba maharagwe yatachelewa kuiva ingawa maji yatawahi kuchemka. Aliyefikisha matarajio ametoa sababu ya kanieneo kwa usahihi lakini hakuiunganisha na mapishi. Anayekaribia matarajio anajua nyuzi hupungua juu ya mlima bila kutoa sababu. Aliye mbali na matarajio ameandika 100, au ameandika kwamba maji yatachemka kwa nyuzi nyingi zaidi.

Kundi la tano halimo kwenye fomu, nalo ni la wanaojibu kwamba nyuzi zitapungua "kwa sababu mlimani kuna baridi". Jibu lao la kwanza ni sahihi, na mwalimu anayesahihisha haraka atalitia alama ya vema. Hesabu majibu hayo peke yake na uandike idadi yake kwenye nafasi ya tafakari ya andalio. Yakiwa machache, waite wahusika wauone mchemko wa sirinji kwa karibu na uwaulize kama umeipoza hewa ya darasa. Yakizidi robo ya darasa, usiende kwenye mada ndogo inayofuata. Kipindi kijacho kianze na sirinji mikononi mwa wanafunzi, kwa maji ya nyuzi 55 ambayo hayaunguzi sana. Halijoto hiyo inahitaji maji kidogo zaidi, mililita 2 tu, ili pistoni ipate nafasi ndefu ya kuvutwa.